Harusi Huhesabiwa Kutoka Nyuma

Mtu akisikia neno harusi, mara moja huwaza keki, gari lililofungwa maua na sahani ya pilau. Hata mimi nilikuwa nikiwaza hivyo hivyo mpaka dada yangu mkubwa alipochumbiwa. Baba alinipa kazi ya kuandika kumbukumbu za mikutano yote, kwa sababu, alisema, mwandiko wangu unasomeka. Nilijaza daftari zima. Nilipolisoma tena baadaye niligundua kwamba keki imetajwa mara tatu tu, ilhali mbuzi, padre na vyeti vimetajwa karibu kila ukurasa.

Katika makala haya nitaeleza ratiba ya maandalizi ya harusi kubwa, mwezi baada ya mwezi. Nitatumia harusi ya dada, iliyokuwa ya Kikatoliki katika familia ya Wakamba, kwetu Makueni, yenye wageni mia nne. Shemeji yangu ni mtu wa Kitui. Kabila lako au dini yako ikiwa nyingine, majina ya mambo yatabadilika, lakini namna ya kuhesabu haitabadilika sana.

Namna yenyewe ni hii: siku ya harusi ikishawekwa, usianze kuhesabu kutoka leo kwenda mbele. Anza na siku ya harusi, urudi nyuma. Na katika kurudi nyuma, weka kwanza yale mambo ambayo pesa haiwezi kuyaharakisha. Hema unaweza kulipata kwa siku mbili ukiwa na pesa. Lakini mzee wa ukoo aliyekasirika, au cheti kilichoko parokia ya mbali, hata ukiwa na gunia la noti utangoja tu.

Kuchagua siku

Dada na mchumba wake walikuja na habari zao mwezi wa Agosti 2024. Walitaka harusi ifanyike Desemba hiyo hiyo. Wazee hawakukataa. Babu aliomba tu kalenda iliyokuwa ukutani, ile ya kanisa, ikawekwa mezani.

Kanisa Katoliki lina majira yake. Kuna Majilio, yaani majuma yale ya kungojea Krismasi, na kuna Kwaresima, yaani siku za kufunga kabla ya Pasaka. Paroko wetu hafungishi harusi za shangwe katika majira hayo mawili, na Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndiyo usiulize kabisa. Majilio ya mwaka 2024 yalianza tarehe 1 Desemba. Kwa hiyo katika Desemba nzima ilibaki Jumamosi moja tu, tarehe 28, nayo ilikuwa miezi minne mbele. Tukaangalia mwaka 2025. Kwaresima ilianza tarehe 5 Machi na Pasaka ikawa tarehe 20 Aprili. Mwezi wa Mei shule zimefunguliwa na watu wametoka kulipa karo. Agosti shule zimefungwa, mvua hakuna, na watu wametoka mashambani. Basi ikachaguliwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025. Tulikuwa na miezi kumi na miwili kamili.

Dada alinuna. Alisema mwaka mzima ni mrefu mno. Shangazi akamwambia, "Mwanangu, huo mwaka si wako. Ni wa wazee na wa padre. Wewe una wiki mbili za mwisho."

Miezi kumi na miwili hadi minane kabla: mlango wa wazee

Kwa Wakamba, jambo linalofunga ndoa kimila linaitwa ntheo. Upande wa mwanamume huleta mbuzi watatu kwa kina msichana. Siku hiyo msichana huitwa mbele ya wazee, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa na kama mbuzi wao waliwe. Akisema waliwe, na wakaliwa, basi mbele ya ukoo yeye ni mke wa mtu. Mali nyingine, kama ng'ombe na fedha, huweza kuletwa polepole kwa miaka mingi. Ntheo haisubiri.

Mtu anaweza kuuliza, si Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kwamba pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo tu ya mahari inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila? Ni kweli, inasema hivyo. Lakini sheria haitakuja kuketi na mjomba wako siku ya sherehe. Tena paroko wetu huwauliza wazazi wa pande zote mbili kama wamekubaliana, kabla hajafungua faili ya maarusi. Kwa hiyo mlango wa wazee uko mbele ya mlango wa kanisa, na ukikwama huo, huu wa pili haufunguki.

Nasi tulikwama. Mnamo Oktoba 2024 wazee wa upande wa mama walikuja nyumbani. Walikunywa chai, wakaongea habari za mvua, kisha mmoja wao akasema kwa upole kwamba baba hawezi kupokea mbuzi wa binti yake ilhali wale wa mama wa huyo binti hawajakamilika. Hapo ndipo mimi na ndugu zangu tulipojua kwamba mwaka baba alipomwoa mama, mbuzi walienda wawili. Wa tatu akabaki ahadi, na ahadi ikaota nyasi kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Hakuna aliyeidai kwa sababu hakukuwa na jambo la kuifanya idaiwe. Kuposwa kwa dada ndiko kulikoiamsha.

Sikuwahi kumwona baba akikosa neno la kusema kama siku ile. Mama naye alikuwa akiosha vikombe nje, na vikombe vile vilioshwa mara mbili. Si kwamba mbuzi mmoja ni ghali sana. Lililouma ni kwamba wakwe wake walikuwa wanasema, mbele ya watoto, kuwa yeye hajamaliza kuoa.

Jambo hilo lilichukua majuma sita. Baba aliuza mtamba mmoja. Mwezi wa Novemba alienda kwa kina mama na mbuzi wa tatu, blanketi la nyanya na ndugu zake wawili wa kumsindikiza, kwa maana mambo kama hayo mtu haendi peke yake. Walimpokea vizuri, wakala, wakambariki. Nyanya alikataa blanketi lisifunguliwe mpaka mama afike alifungue yeye mwenyewe.

Baada ya hapo ntheo ya dada ikafanyika tarehe 28 Desemba 2024, yaani ile Jumamosi ambayo yeye aliitaka iwe ya harusi. Watu wa Nairobi na Mombasa walikuwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi, kwa hiyo hakuna mjomba aliyekosekana. Hebu fikiri, kama harusi ingekuwa imepangwa siku hiyo, deni la mbuzi wa tatu lingetukuta wapi?

Funzo la hapa ni wazi. Katika mwezi wa kwanza wa maandalizi, kabla mtu hajanunua hata kitambaa, wazazi waulizane: ndoa yetu sisi, je, imekamilika kwa wazee? Yupo ndugu mkubwa wa maarusi ambaye hajaoa na ambaye ukoo unataka atangulie? Kuna ugomvi wa shamba ambao utamfanya fulani asije? Dalili ya kuwa kuna jambo ni mzee anayesema "tutaona" badala ya kutaja siku. Ukisikia "tutaona", mwendee nyumbani kwake wiki hiyo hiyo.

Miezi sita hadi mitatu kabla: mlango wa kanisa

Paroko wetu anataka maarusi wafike kwake wote wawili angalau miezi sita kabla ya harusi. Kwa hesabu yetu hiyo ilikuwa mapema mwezi wa Februari 2025. Pale ofisini karani aliwapa orodha: cheti cha ubatizo, cheti cha kipaimara, barua ya uongozi wa jumuiya ndogo ndogo, barua ya parokia ya bwana harusi, nakala za vitambulisho, na ratiba ya mafundisho ya ndoa.

Cheti cha ubatizo ndicho kinachowachelewesha wengi, na sababu yake inafaa kueleweka. Cheti ulichopewa ulipobatizwa utotoni, kile ambacho mama amekiweka kwenye sanduku, hakitoshi. Kanisa linataka nakala mpya, iliyotolewa si zaidi ya miezi sita iliyopita. Kwa nini? Kwa sababu mkatoliki akifunga ndoa popote pale, habari hurudishwa katika parokia alikobatizwa, ikaandikwa pembeni mwa jina lake katika kitabu cha ubatizo. Nakala mpya basi huonyesha kama mtu huyo ana ndoa nyingine. Nakala ya zamani inaonyesha tu kwamba aliwahi kuwa mtoto mchanga.

Hii ina maana kwamba cheti hakiombwi mapema mno wala kuchelewa mno. Ukikiomba miezi tisa kabla, kitakuwa kimezeeka siku ya harusi. Sisi tulihesabu: harusi tarehe 9 Agosti, ukirudi nyuma miezi sita unapata tarehe 9 Februari. Kwa hiyo dada aliomba chake wiki iliyofuata tarehe hiyo. Yeye alibatizwa Mombasa, baba alipokuwa akifanya kazi huko, na ilimbidi asafiri kwa basi akaingie kwenye ofisi ya parokia mwenyewe.

Cheti kilipotoka, jina lake lilikuwa na herufi moja tofauti na ile iliyo kwenye kitambulisho. Herufi moja tu! Lakini padre hawezi kuandika ndoa ya mtu kwa jina moja, serikali ikamfahamu kwa jina lingine. Marekebisho yalichukua karibu mwezi mzima na safari ya pili. Ndiyo maana nawashauri: siku karatasi zote zinapopatikana, zilaze mezani sambamba, yaani cheti cha ubatizo, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, usome majina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Usisome kama mtu anayejua jina lake. Soma kama mtu anayeliona mara ya kwanza.

Mafundisho ya ndoa nayo yaliendelea Jumamosi nane, kuanzia baada ya Pasaka. Shemeji alifanya kazi ya zamu, hivyo alikosa mawili akayarudia. Hilo nalo lingetuharibia mambo kama mafundisho yangeanza mwezi wa Julai.

Miezi mitano hadi miwili kabla: kamati na fedha

Kamati ya harusi ilianza kukutana mwezi wa Machi, kila baada ya Jumapili mbili, baada ya misa. Mwenyekiti alikuwa mjomba, mweka hazina mwalimu mmoja jirani yetu asiye wa ukoo, ili asione haya kudai. Mimi nilikaa pembeni na daftari.

Kamati huishi kwa ahadi. Mtu husimama, watu wakampigia makofi, akasema ataleta elfu ishirini. Lakini makofi hayanunui mchele. Kufikia tarehe 8 Juni, yaani miezi miwili kabla, ahadi zilikuwa shilingi 520,000 na fedha taslimu zilizofika kwa mweka hazina ni 290,000. Mwenyekiti aliweka sheria ambayo naona ni nzuri: kuanzia siku hiyo, kila kitu kipangwe kwa fedha zilizopo, si kwa ahadi.

Kwa hiyo mambo yaligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ya lazima: chakula, hema na viti, usafiri wa wazee kutoka Kitui, mavazi ya maarusi. La pili ni ya afadhali: keki na mpiga picha. La tatu ni ya ikipatikana: magari ya kukodi, maua na bendi. Fungu la tatu likafutwa lote siku hiyo hiyo, na kwaya ya parokia ikachukua nafasi ya bendi. Shangazi mmoja alilia kwa ajili ya maua. Lakini afadhali kulia mwezi wa Juni kuliko kukimbizana na mwenye hema mwezi wa Agosti. Mwishowe fedha zilizofika zilikuwa 345,000, na fungu la kwanza na la pili zikatoshelezwa bila deni.

Kuhusu chakula, mama mpishi wetu alitufundisha hesabu isiyo ngumu. Mchele mkavu ni gramu 150 kwa mtu, nyama yenye mifupa ni robo kilo. Kwa watu mia nne hiyo ni kilo 60 za mchele na kilo 100 za nyama. Fahali mmoja wa mjomba alitoa nyama ya kutosha na ziada ikabaki. Lakini angalieni: kadi tulizotoa zilikuwa 320 tu. Wale themanini waliobaki ni majirani, watoto na watu waliosikia tu harufu. Harusi ya kijijini haina mlango, na anayepika kwa hesabu ya kadi atawaaibisha wazazi wake.

Mwezi wa mwisho: matangazo

Kabla ya ndoa, majina ya maarusi husomwa kanisani Jumapili tatu, katika parokia zote mbili, ili yeyote anayejua kizuizi aseme. Hapa tena tulihesabu kutoka nyuma. Jumapili ya mwisho kabla ya harusi ilikuwa tarehe 3 Agosti. Tungeweza kupanga tarehe 20 na 27 Julai na 3 Agosti. Lakini katekista wetu alishauri tuanze tarehe 13 Julai, ili ile ya tarehe 3 Agosti ibaki bure. "Jumapili moja iwe ya shetani," alisema, "maana shetani naye hupenda harusi."

Basi Jumapili ya tarehe 13, kwetu majina yalisomwa. Upande wa shemeji hayakusomwa. Barua ilikuwa imefika lakini ilibaki ndani ya bahasha ofisini. Tulijuaje? Shangazi wa shemeji alikuwa amepewa kazi moja tu asubuhi hiyo: aketi misa ya kwanza asikilize. Alipiga simu kabla hata hajatoka uwanjani pa kanisa. Jumatatu barua ikafunguliwa, na majina yakasomwa huko tarehe 20, 27 na 3. Ile Jumapili ya ziada ndiyo iliyookoa harusi. Bila hiyo ingebidi kumwomba ruhusa askofu, au kuahirisha jambo lililokwisha kupikiwa.

Wiki mbili za mwisho ndizo zilizokuwa za dada, kama shangazi alivyosema: kujaribu gauni, kusuka nywele, mazoezi ya kuingia kanisani. Siku tatu kabla, baba alipeleka kanisani majina ya mashahidi wawili na vitambulisho vyao, kwa sababu wao hutia sahihi pamoja na maarusi na padre kwenye cheti cha ndoa, na cheti hicho ndicho kinachotambuliwa na serikali.

Kwa ufupi

Mwenye kutaka kunakili, anakili hivi. Miezi kumi na miwili kabla, fungua kalenda ya kanisa na uchague siku. Kumi na moja hadi minane, maliza mambo ya wazee, ukianza na madeni ya zamani. Sita, nenda kwa padre na uombe cheti kipya cha ubatizo. Mitano, unda kamati. Miwili, hesabu fedha zilizopo na ufute fungu la tatu. Mmoja, matangazo, na uache Jumapili moja wazi. Kila mlango uwe na siku zake za ziada, kwa maana kuna msiba, kuna mvua, kuna barua iliyolala ndani ya bahasha.

Tarehe 9 Agosti padre alifungisha ndoa saa tano asubuhi. Wakati wa kutoa zawadi, wazee wa upande wa mama waliitwa wa kwanza mbele ya watu wote, na aliyewaita ni baba. Aliwaita wakwe zangu, kwa sauti kubwa, akatembea mbele yao hadi kwenye viti vyao. Katika daftari langu nimeandika tu: wazee wa kina mama wameketi safu ya mbele.